Riba Ikipanda, Salio Lako Litashuka Kiasi Gani?

Mwaka 2022 uliwashangaza watu wengi waliodhani hatifungani haziwezi kuwatia hasara. Nchini Marekani, mfuko mkubwa wa Vanguard Total Bond Market, ambao sehemu kubwa ya mali yake ni dhamana za serikali, ulipoteza karibu asilimia 13 katika mwaka mmoja. Serikali ya Marekani haikushindwa kulipa deni. Kilichobadilika ni riba tu, na aliyekuwa na salio lake pamoja na tarakimu moja ya mfuko angeweza kukadiria pigo hilo mapema.

Tuanze na hatifungani moja. Umenunua ya dola 1,000, inalipa riba ya asilimia 2 kwa mwaka, na itaiva baada ya miaka 7. Kesho yake riba ya soko inapanda hadi asilimia 3. Atakayenunua yako atapata dola 20 kwa mwaka, ilhali mpya zinalipa 30. Hatakubali mpaka umpunguzie bei kiasi cha kufidia hizo dola 10 anazokosa kila mwaka kwa miaka 7. Ukipiga hesabu, bei inaangukia karibu dola 938.

Wataalamu wa mifuko hufupisha hesabu hiyo kwa kipimo kinachohesabiwa kwa miaka. Kwa hatifungani yetu ni karibu miaka 6.5, na maana yake ni kwamba riba ya soko ikipanda kwa pointi moja ya asilimia, bei hushuka kwa takriban asilimia 6.5. Riba ikishuka, bei hupanda kwa kiasi kinachokaribia hicho. Katika taarifa ya mfuko, kitafute penye maneno `Average duration`. Usikichanganye na `Average maturity`, ambayo ni wastani wa miaka iliyobaki kabla ya hatifungani kuiva. Tarakimu hiyo ya pili kwa kawaida ni kubwa zaidi, na ukiitumia utakuza hasara isivyo.

Sasa weka salio lako:

```
badiliko = − salio × miaka × badiliko la riba
−1,300   = − 20,000 × 6.5 × 0.01
```

Mwenye dola 20,000 katika mfuko wa miaka 6.5 ajiandae kwa pungufu la dola 1,300 kwa kila pointi moja. Riba ikipanda kwa robo pointi, ni dola 325. Salio linalohesabiwa ni la leo, wala si jumla ya ulichoweka. Kadiri akiba inavyokua, pigo lilelile la asilimia huondoa fedha nyingi zaidi.

Turudi 2022. Mwanzoni mwa mwaka mfuko ule ulikuwa kati ya miaka 6 na 7. Benki kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kwa pointi 4.25, lakini riba hiyo ni ya mikopo ya usiku mmoja. Hatifungani zilizomo mfukoni zinafuata riba ya soko ya miaka mingi, nayo ilipanda kwa karibu pointi 3. Hapa ndipo wengi hukosea: hutia riba ya benki kuu kwenye hesabu.

Hata kwa pointi 3, kanuni inatoa asilimia 19.5, na mfuko haukufika huko. Sababu ni mbili. Riba iliyolipwa mwaka mzima ilirudisha sehemu ya hasara. Tena riba inapopanda sana, bei haishuki kwa mstari ulionyooka, bali kasi yake hupungua. Tazama hatifungani yetu: kanuni ilitabiri kushuka kwa dola 65, ikashuka 62. Kwa pointi moja tofauti hiyo ni ndogo. Kwa pointi 3 inaonekana wazi.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi kuna swali moja la kuuliza kwanza: mfuko unathaminisha hatifungani zake kwa bei ya soko ya leo, au kwa bei ya kununulia pamoja na riba inayolimbikizwa? Kwa njia ya pili, salio litaendelea kupanda taratibu hata soko likianguka. Thamani ya kuuza imeshuka vilevile, ila hesabu haijaionyesha.

Mimi naona kanuni hii ina faida kubwa zaidi ukiigeuza. Chukua mtu mwenye dola 20,000 atakazohitaji mwakani kulipia ada, ambaye hawezi kuvumilia kupoteza zaidi ya dola 500 riba ikipanda kwa pointi moja. Gawanya 500 kwa 20,000: ni asilimia 2.5. Basi asiingie mfuko unaozidi miaka 2.5. Au aweke dola 7,500 katika ule wa miaka 6.5 na nyingine zibaki kwenye akaunti ya akiba. Riba ikipanda kwa pointi moja, atapoteza karibu dola 488.