Mji Kwanza, Nchi Baadaye

Karibu kila mji wa Italia una kanisa lenye mnara wa kengele, campanile, na kutokana na mnara huo Waitalia wakapata neno campanilismo: majivuno makali ya mtu kwa mji wake, yakiandamana na dharau kwa mji jirani. Hiyo dharau ndiyo inayoyatenga na uzalendo wa kawaida. Mzalendo hasimu wake yuko ng'ambo ya mpaka. Mwenye campanilismo hasimu wake ni Mwitalia mwenzake, wa bendera ileile na dini ileile. Si ajabu: Italia imekuwa dola moja tangu 1861 tu, ilhali miji yake ilikwisha pigana karne nyingi kabla. Modena hadi leo inatunza ndoo ya mbao ambayo husimuliwa kuwa ilinyakuliwa kwa watu wa Bologna wakati wa vita vya 1325, wala haielekei kuirudisha.

Siku hizi mengi ya haya huishia kwenye utani na mpira. Lakini mwaka 1970, huko Reggio Calabria, yaliua watu.

Mwaka huo Italia ilianzisha mabaraza ya majimbo, na Calabria, kusini kabisa mwa bara, ikahitaji makao makuu. Yakapelekwa Catanzaro. Reggio, mji wenye watu wengi kuliko yote jimboni, ukaona umedhulumiwa. Tarehe 14 Julai ukaanza mgomo, naye meya akiwa upande wa waandamanaji, ijapokuwa chama chake ndicho kilichoongoza serikali kule Roma. Barabara zikazibwa kwa vizuizi, reli ikafungwa, na mtaa wa Sbarre ukajitangaza kuwa jamhuri! Ghasia hazikutulia mpaka Februari 1971, jeshi lilipoingia na magari ya deraya.

Ni rahisi kuuita wazimu. Ila Calabria ilikuwa maskini, na ofisi za jimbo maana yake ni ajira, wapangaji wa nyumba na wateja wa maduka. Uzalendo humtaka mtu aitolee nchi yake. Campanilismo huuliza kile kilichotolewa na nchi kimemwangukia nani. Ndiyo maana ugomvi wake huwa na jirani, maana ndiye anayegawana naye fungu moja.

Kichekesho ni kwamba waliovuna ni wafuasi wa mrengo wa ufashisti, waliohubiri taifa kuliko chochote. Kiongozi wao katika maasi hayo, Ciccio Franco, alichaguliwa seneta mwaka 1972 kwa kura za watu waliokuwa wakigombea mji wao.

Mwishoni serikali iligawa tonge. Serikali ya jimbo ilibaki Catanzaro, baraza la jimbo likapewa Reggio, na ndivyo ilivyo hadi sasa. Kiwanda cha chuma kilichoahidiwa Gioia Tauro, katika wilaya ya Reggio, hakikujengwa kamwe.