Bibi si Majani

Uso wa bibi kwenye picha yake ya zamani ulikuwa na upana wa pikseli 60 tu. Niliikuza mara 4 kwa Real-ESRGAN, ya jamii ya GAN. Ngozi ilitoka laini kama plastiki, ila macho yalibaki yake. Programu ya difyusheni, inayosafisha chenga hatua kwa hatua, ilimpa vinyweleo vizuri na kope za mtu mwingine. Mama alikataa: “Huyu nani?”

Mandhari ni habari nyingine. Nyasi za mlimani ambazo GAN ilizifanya rojo, difyusheni iliziotesha upya, na nani atazihesabu? Niliweka `denoise` 0.3, nilipoifikisha 0.6, kibanda kikachipuka mwambani.