Kijani cha Kampuni na Kijani cha Picha: Kuandika Rangi za Chapa kwenye Maelekezo

Rangi ya kampuni ni namba kabla haijawa jina. Kwenye kitabu cha utambulisho wa chapa, kijani hakiitwi kijani tu. Huandikwa kwa msimbo wa heksi, yaani alama ya reli ikifuatwa na herufi na tarakimu sita, na kila jozi hutaja kiasi cha nyekundu, kijani na buluu kuanzia 0 hadi 255. Kijani kilichoiva chenye msimbo `#0B5D3B` kina nyekundu 11, kijani 93 na buluu 59. Mchapaji, mchora mabango na mtengeneza tovuti wakipewa namba hizo, wote watakutana mahali pamoja.

Programu zinazotengeneza picha kutokana na maandishi hazifanyi kazi hivyo. Maelekezo anayoandika mtumiaji, ambayo wengi wenye kazi hii huyaita prompti, hayamimini rangi kwenye picha kama fundi anavyomimina rangi ndooni. Modeli ilijifunza kwa kutazama picha nyingi mno zilizoambatana na maelezo yake, ikazoea kuhusisha maneno na mwonekano. Watu wanaoeleza picha huandika “kopo la kijani”. Ni nadra mtu kuandika “kopo la #0B5D3B”. Msimbo huo ukifika kwenye sehemu ya modeli inayosoma maandishi hukatwa vipande kadhaa, na vipande hivyo havibebi maana ya nyekundu 11 wala kijani 93. Matoleo ya mwanzo ya Stable Diffusion, iliyotoka mwaka 2022, yalisoma vipande 77 tu kwa mara moja, kwa hiyo misimbo mitatu ya heksi ilikula nafasi ambayo ingetumika kueleza picha yenyewe. Wakati mwingine hutokea kichekesho: programu huuchukulia msimbo kuwa maandishi ya kuchorwa, na `#0B5D3B` au herufi zinazofanana nayo hutokea zimeandikwa ubavuni mwa kopo.

Baadhi ya programu za sasa zina kisanduku maalumu cha kuwekea misimbo ya rangi, na baadhi ya modeli zimefundishwa kuisoma ndani ya maelekezo. Panapokuwa na kisanduku hicho, kitumike. Hata hivyo nacho huivuta picha kuelekea rangi zile, hakiifungi. Ufundi wa kuandika rangi kwa maneno bado unahitajika, na unaonekana vizuri zaidi kwa mfano mmoja ukifuatwa hadi mwisho.

Mfano wenyewe ni kampuni ndogo ya kufungasha majani ya chai. Rangi zake ni tatu: kijani kilichoiva `#0B5D3B`, manjano `#F2B705` na krimu `#FAF3E0`. Inahitaji picha ya tangazo yenye kopo la chai juu ya meza. Mtu asiye na uzoefu huandika hivi:

```
African tea advert, brand colors #0B5D3B, #F2B705, #FAF3E0
```

Kinachotoka kwa kawaida ni picha yenye kijani mahali fulani, manjano mahali fulani, na rangi ya machweo kila mahali. Makosa yamo matatu, na la kwanza ni kwamba rangi hazikupewa vitu. Modeli ikiambiwa rangi tatu bila kuambiwa nini kiwe na rangi gani, huzigawa inavyojua: kijani huenda kwenye majani ya mchai, manjano kwenye mwanga wa jua, krimu ikapotea. Hata vitu vikitajwa, rangi zina tabia ya kuvuja kutoka kitu kimoja hadi kingine. Kopo la kijani lililo karibu na kitambaa cha manjano laweza kutoka la manjano, na kitambaa kikawa kijani. Dawa yake ni kuliweka jina la rangi kando kabisa ya kitu chake, kila kitu na rangi moja, na kuvipunguza vitu viwe vichache. Katika picha yenye vitu vitatu vya rangi ni rahisi kumtambua mkosaji. Vikifika saba hakuna anayejua rangi ilivujia wapi.

Kosa la pili ni kiasi. Orodha ya rangi haisemi ipi itawale. Wabunifu wana kanuni ya zamani ya asilimia 60, 30 na 10: rangi moja ichukue sehemu kubwa, ya pili iiunge mkono, ya tatu ionekane kidogo tu. Atazamaye kanga anaujua mpango huu bila kufundishwa, kwa kuwa rangi ya mji haigombani na ya pindo. Kwenye maelekezo, lakini, kuandika “asilimia 60” husaidia kidogo sana, maana modeli haipimi eneo kwa hesabu. Kiasi huandikwa kwa ukubwa wa vitu. Krimu ikipewa ukuta na meza itatawala yenyewe, kijani kikipewa kopo kitachukua nafasi ya pili, na manjano yakipewa kitambaa kidogo hayana pa kutambaa.

Kosa la tatu ndilo linalowashinda wengi, nalo ni maneno yenye rangi iliyojificha. Neno la kutaja mtindo wa picha za zamani huleta hudhurungi iliyofifia. Neno la kutaja mwonekano wa sinema huleta vivuli vya buluu na nyuso za rangi ya chungwa. Neno “Afrika” nalo, kwa sababu ya aina ya picha zilizozoeleka kuandamana nalo, mara nyingi huleta vumbi jekundu na jua linalozama, hata kama tangazo ni la duka la mjini saa nne asubuhi. Krimu chini ya jua la machweo si krimu tena. Inakuwa rangi ya chungwa iliyopauka. Neno la namna hiyo halina kazi katika maelekezo ya rangi, na mahali pake pakae maelezo ya mwanga usioegemea upande wowote, kama mwanga wa siku ya mawingu ukiingia dirishani.

Linabaki suala la jina la rangi. Kiswahili kina hazina nzuri ya majina yaliyochukuliwa kwenye vitu: kijani kutoka jani, kijivu kutoka jivu, kahawia kutoka kahawa. Njia hiyo hiyo ndiyo inayofaa hapa, kwa sababu modeli imeona vitu vingi kuliko ilivyoona namba. “Kijani cha chupa” husema zaidi kuliko “kijani”, na “manjano ya haradali” husema zaidi kuliko “manjano”. Ila modeli nyingi zilifundishwa zaidi kwa maelezo ya Kiingereza, na kutafsiri jina la rangi neno kwa neno kuna hatari yake: “damu ya mzee”, rangi ambayo kila mshonaji wa sare anaijua, ikipelekwa hivyo ilivyo yaweza kuleta mzee anayevuja damu. Maelekezo yaliyosahihishwa basi huwa hivi:

```
A dark bottle-green tea tin on a cream wooden table,
plain cream wall, one small mustard-yellow cloth,
overcast window light, neutral white balance
```

Picha ikishatoka, jicho peke yake halitoshi kuihukumu, kwa kuwa rangi hubadilika machoni kutokana na jirani yake. Kijani kilekile huonekana kimekoza zaidi kikiwa juu ya krimu na kimepauka zaidi kikiwa juu ya nyeusi. Njia ya uhakika ni kufungua picha kwenye programu ya kuhariri kama GIMP au Photoshop na kuichukua namba ya rangi kutoka sehemu ya kopo yenye mwanga wa kawaida, si penye mng’ao wala penye kivuli. Pikseli moja haitoshi. Huchukuliwa wastani wa eneo dogo. Namba hiyo hulinganishwa na ya kampuni kwa kipimo cha Lab, kilichowekwa na tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, mwaka 1976. Kipimo hiki hutenganisha mwangaza wa rangi, kuanzia 0 ya nyeusi hadi 100 ya nyeupe, na mwegemeo wake kati ya kijani na nyekundu, na kati ya buluu na manjano. Umbali kati ya rangi mbili huandikwa ΔE. Ukiwa chini ya 2, watu wengi hawaoni tofauti. Ukipita 10, tofauti huonekana mara moja.

Tuseme kopo la jaribio la kwanza limepimwa likatoa `#2E8B57`. Umbali wake na kijani cha kampuni ni karibu 20, yaani mtu yeyote ataona si kijani kile. Lakini namba hii ikifumuliwa inasema jambo la manufaa zaidi: mwangaza wa kijani cha kampuni ni kama 34, wa picha ni kama 52. Karibu kosa lote liko hapo. Aina ya kijani ni sahihi kiasi, ila kimepauka. Modeli za mwanzo za jamii ya Stable Diffusion zilijulikana kwa udhaifu wa kuuvuta mwangaza wa picha nzima kuelekea katikati, hivyo giza halikuwa giza vya kutosha na nyeupe ikaelekea kijivu. Kwa hiyo kinachobadilishwa ni maneno ya mwangaza tu: kijani kizito zaidi, rangi isiyong’aa, mwanga hafifu upande wa kopo. Namba ya mbegu, ile inayoandikwa kwenye nafasi ya `seed`, iachwe ileile, ili kinachoonekana kubadilika kiwe kimetokana na neno lililobadilishwa na si bahati. Jaribio la pili likitoa `#1F6B4A`, umbali umeshuka hadi karibu 6. Kwa picha ya mitandao ya kijamii hapo pametosha, na kuendelea kuhangaika na maneno ni kupoteza muda.

Hatua sita zilizobaki humalizwa kwa mkono kwenye programu ya kuhariri, kwa kuchagua eneo la kopo peke yake na kulishusha mwangaza. Kuibadilisha picha nzima kwa mkupuo ni njia ya mkato yenye gharama, hasa penye watu: kijani kikisukumwa kila mahali, ngozi nayo hupata ukijani, na hakuna tangazo la chai linalouzika kwa uso wa mgonjwa.

Nembo haiingii kabisa katika maelekezo. Modeli itaichora upya kila mara, herufi zikipinda na rangi zikikosea, na kwa nembo hakuna kosa dogo linalovumilika. Kopo huagizwa likiwa tupu, bila maandishi, kisha nembo halisi hubandikwa juu yake kutoka faili la kampuni, ikiwa na `#0B5D3B` kamili.