Kiima katika Vishazi Rejeshi vya Kituruki

Fungu la maneno "mtoto aliyemwona mwanamke" lina utata: yamkini mtoto ndiye aliyeona, au ndiye aliyeonwa. Kituruki huuepuka utata huo bila ya neno mithili ya "ambaye". Kitenzi hupewa umbo la kivumishi, kikatangulia nomino.

Katika *kadını gören çocuk*, mtoto ndiye aliyeona: *-en* yaashiria kuwa nomino ifuatayo ndiyo kiima, na *-ı* kuwa mwanamke ni yambwa. Katika *kadının gördüğü çocuk*, mtoto ndiye aliyeonwa. Hapa kiima, yaani mwanamke, huchukua *-ın* ya umilikaji, nacho kitenzi, baada ya *-düğ-*, huchukua *-ü* yenye maana ya "-ake". Kana kwamba kuona ni mali yake. "Mtoto niliyemwona" ni *gördüğüm çocuk*: *-üm*, "-angu", yatosha kumtambulisha mwonaji.