Kalamu Tatu za Kuchorea Nyumba

Fundi akikunjua ramani kiwanjani, anataka kujua kamba ipite wapi, ukuta uanzie wapi na mlango ufungukie upande gani. Shida ni kwamba mstari wowote ulioko kwenye karatasi ile unaweza kuwa ukuta, ukingo wa kaunta ya jikoni, mwisho wa bati au ngazi ya baraza, na vyote vimechorwa kwa wino uleule mweusi. Wachoraji wamekubaliana kuvitenganisha kwa njia tatu: skeli, unene wa mistari, na michirizi inayojazwa ndani ya kuta. Anayeijua mitatu hiyo anaweza kuisoma ramani ya mkono bila kumpigia simu aliyeichora.

Tuchukue nyumba moja ndogo na tuichore. Upande wa mbele ina chumba cha kulala chenye upana wa mita 3.30, na kando yake sebule ya mita 4.50. Kuta zote ni za tofali la saruji ambalo mafundi huliita la inchi sita, yaani milimita 150. Ukijumlisha vyumba viwili na kuta tatu unapata urefu wa mita 8.25. Kwenda nyuma, chumba kina mita 3.60, kikifuatiwa na jiko na choo vyenye mita 3.00, hivyo pamoja na kuta upana wa nyumba ni mita 7.05.

Swali la kwanza ni skeli. Kwa skeli ya 1:50, kila mita ya nyumba inakuwa sentimita 2 kwenye karatasi. Nyumba yetu inakuwa na milimita 165 kwa 141, na kwenye karatasi ya A3 inabaki nafasi ya kutosha kuandika vipimo pande zote. Kwa 1:100 inapungua nusu, na ukuta unabaki na unene wa milimita moja na nusu tu. Kwa 1:20 nyumba haiingii kabisa kwenye A3, kwa hiyo skeli hiyo huwekewa sehemu moja inayohitaji maelezo ya karibu, kama vile choo peke yake.

Skeli huamua pia kitu gani kichorwe na kipi kiachwe. Plasta ya milimita 15, ikichorwa kwa 1:50, ingekuwa na unene wa milimita 0.3, yaani nyembamba kuliko mstari wenyewe wa ukuta. Haichoreki, ndiyo maana haimo. Matokeo yake ni kwamba ile mita 3.30 ya chumba ni kutoka tofali hadi tofali. Plasta ikishapigwa kuta zote mbili, inabaki mita 3.27. Seremala aliyetengeneza kabati la ukuta hadi ukuta kwa kufuata ramani atalirudisha karakana kulipunguza, ingawa ramani haikuwa na kosa lolote.

Baada ya skeli, mchoraji huikata nyumba. Anachukulia kwamba msumeno umepita mlalo kuizunguka nyumba nzima, kiasi cha mita 1.2 kutoka sakafuni, na kila kilichokuwa juu ya hapo kimeondolewa. Yeye yuko juu, anaangalia chini. Kimo hicho kimechaguliwa kwa sababu kinapita katikati ya milango na madirisha ya kawaida, hivyo nafasi zote za ukutani zinaonekana. Unene wa mistari unatokana na mkato huo.

Kilichokatwa na msumeno huchorwa kwa mstari mnene kuliko yote. Kinachoonekana chini ya mkato, kama sinki, ngazi ya baraza au kizingiti cha chini cha dirisha, hupewa mstari wa wastani. Mistari isiyokuwa sehemu ya nyumba, kama ile ya kubebea vipimo, hupewa mwembamba. Kwa nyumba yetu kalamu tatu za wino zinatosha: ya milimita 0.7, ya 0.35 na ya 0.18. Kila moja ina unene wa karibu mara mbili ya inayofuata. Tofauti ikiwa ndogo zaidi, kwa mfano 0.35 dhidi ya 0.5, jicho huishuku tu bila kuwa na hakika, hasa mkono ukitetemeka au karatasi ikinywa wino.

Tutazame dirisha la chumba cha kulala, lenye upana wa mita 1.5, ambalo kwenye karatasi ni milimita 30. Mistari miwili minene ya ukuta inakuja hadi ukingoni mwa dirisha, inafungwa kwa mstari mnene wa kukingama, kisha inakoma. Kati ya ncha hizo mbili inapita mistari miwili ya wastani, kwa sababu ukuta ulioko chini ya dirisha haukukatwa bali unaonekana kwa chini. Kioo ni mstari mmoja mwembamba katikati. Mlangoni hakuna mistari hiyo ya kuvuka, kwa sababu chini hakuna ukuta. Sakafu ya choo ikiwa imeshushwa kidogo ili maji yasitoke nje, mstari mmoja wa wastani huvuka mlango wake kuonyesha ule mshuko.

Vilivyoko juu ya mkato navyo vina njia yao: mstari wa vipande vipande. Kuna viwili ambavyo hukosewa sana. Cha kwanza ni mwisho wa bati. Paa letu linatokeza sentimita 60 nje ya ukuta, ambazo kwenye karatasi ni milimita 12. Mstari huo ukichorwa mzima na mnene, nyumba inaonekana kuzungukwa na kitu kingine chini, na fundi ana haki ya kudhani ni ukingo wa jamvi. Atamwaga zege sentimita 60 nje kila upande, na saruji iliyoliwa hapo hairudi. Cha pili ni dirisha la choo, ambalo huanzia mita 1.8 kutoka sakafuni. Msumeno haukulifikia. Mahali hapo ukuta unachorwa mzima kama umekatwa, na dirisha linaonyeshwa kwa vipande ndani yake, pamoja na kimo chake kilichoandikwa. Likichorwa kama dirisha la chumbani, fundi ataacha nafasi kwenye kimo cha madirisha mengine, na anayeoga ataonekana kutoka njiani.

Sasa ndani ya ukuta. Kati ya ile mistari miwili ya ukuta inabaki nafasi nyeupe ya zaidi kidogo ya milimita 2, nayo hujazwa michirizi ili kutaja umejengwa kwa nini. Katika utaratibu wa michoro ambao Afrika Mashariki iliurithi kwa Waingereza, tofali la kuchoma huonyeshwa kwa mistari ya mshazari inayoelekea upande mmoja, tofali la saruji kwa mishazari inayopishana, na zege kwa nukta zilizochanganywa na pembetatu ndogondogo mfano wa kokoto. Kwa kuwa wachoraji hawaendi wote sawa, pembeni mwa ramani lazima kuwe na ufunguo: visanduku vidogo vyenye kila aina ya michirizi na jina lake.

Michirizi huchorwa kwa kalamu nyembamba na kwa pembe ya nyuzi 45. Kuta nyingi husimama au kulala kwenye karatasi, kwa hiyo mstari wa nyuzi 45 hauwezi kudhaniwa kuwa ni ukuta. Kama nyumba yenyewe ina ukuta wa mshazari wa nyuzi 45, michirizi ya hapo hugeuzwa ili isiende sambamba nao. Nafasi ya milimita moja na nusu hadi mbili kati ya mistari inatosha. Ikibanwa zaidi, fotokopi ya kwanza huigeuza kuwa doa la kijivu. Kwa 1:100 hakuna nafasi ya michirizi kabisa, maana kalamu ya 0.7 huacha chini ya milimita moja ndani ya ukuta. Hapo mchoraji hujaza ukuta weusi mtupu, na aina ya tofali huandikwa kwa maneno.

Palipo na makutano ya kuta ndipo ujuzi wa mchoraji unapoonekana. Ukuta wa kati wa nyumba yetu unakutana na wa nje, wote wa tofali la saruji na wote umefungwa pamoja kwa kupishanisha matofali. Hapo hapawekwi mstari wa kutenganisha. Michirizi hupita moja kwa moja kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Mstari ukiwekwa, ramani inasema kuta hizo ni vitu viwili vilivyogusana tu. Lakini nguzo ya zege ya barazani, ikikutana na ukuta wa tofali, hutengwa kwa mstari mnene, na michirizi hubadilika papo hapo. Michirizi husubiri hadi maneno na vipimo viwe vimeandikwa, kisha huvikwepa, kwa sababu namba iliyopitiwa na mshazari ni rahisi kusomeka vibaya: 3 huwa 8.

Ramani ikimalizika, ibandike ukutani, rudi nyuma hatua mbili na ufumbe macho nusu. Ukiona umbo la vyumba kwanza, kisha samani na ngazi, unene umekaa vizuri. Ukiona wavu wa mistari ya vipimo, au vigae vya choo vikijitokeza kuliko kuta zake, kalamu zimechanganywa.

Jaribio la pili ni fotokopi. A3 ikipunguzwa kuwa A4, kila urefu hubaki asilimia 71. Unene wa kalamu uliwekwa makusudi kufuata hatua hiyo: mstari wa 0.7 unakuwa wa 0.5, na wa 0.35 unakuwa wa 0.25, hivyo uwiano kati yao haupotei. Skeli ndiyo inayopotea. Chumba cha mita 3.30 kilikuwa na milimita 66 kwenye karatasi. Sasa kina karibu 47, na fundi anayeipima kopi hiyo kwa rula ya 1:50 atapata mita 2.33, karibu mita nzima pungufu. Kwa hiyo chini ya ramani huchorwa kipande cha rula chenye alama za mita, ambacho hupungua pamoja na nyumba na kuendelea kusema kweli, wakati maneno "1:50" yaliyoandikwa kando yake yamekwisha kuwa uongo.

Hata kwenye karatasi ya asili, kupima kwa rula kuna mipaka. Mstari wa milimita 0.7 kwa skeli ya 1:50 una upana wa sentimita tatu na nusu za nyumba halisi, na hakuna anayeweza kusema ukuta unaanzia upande gani wa wino. Ndiyo maana vipimo huandikwa kwa mnyororo: 0.15, 3.30, 0.15, 4.50, 0.15, na juu yake jumla, 8.25. Fundi hujumlisha mwenyewe kabla ya kupigilia mambo za kamba. Namba ikipingana na mstari, hufuata namba. Namba zikipingana zenyewe kwa zenyewe, hachimbi hadi mchoraji ajibu.