Soma anwani kutoka kulia: viza za kurudi Tarime na vishoka wake

Kwa sisi tuliozaliwa upande wa Tarime na kuishia Toronto, Minneapolis au Manchester, njia ya mkato ya kurudi nyumbani haipiti Dar es Salaam. Unashuka Nairobi, unapanda gari la Kisii na Migori, unavuka Isebania, na ukiinua macho uko Sirari. Zamani ulihitaji pasipoti tu. Siku hizi wengi wetu tuna pasipoti ya ugenini, na kwa kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, aliyechukua uraia wa huko anaingia nyumbani kwa babu yake kama mgeni yeyote, yaani kwa viza. Suala la hadhi maalum kwa diaspora lina mjadala wake. Hapa nazungumzia fomu.

Fomu zenyewe ni mbili, kwa sababu nchi ni mbili. Kenya iliacha viza Januari 2024 na kuweka kibali cha kusafiri cha kielektroniki, ambacho ada yake ilitangazwa kuwa dola 30. Tanzania ilianza viza ya mtandaoni mwishoni mwa 2018: ya kawaida ni dola 50, lakini mwenye pasipoti ya Marekani hulipa dola 100 kwa viza ya kuingia mara nyingi ndani ya mwaka. Mtu akikuambia ile viza ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki itakufikisha Nyamongo, mkatalie. Inahusu Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo.

Hapo ndipo vishoka wanapoingilia. Tunawajua vishoka wa kuunganisha umeme na vishoka wa ardhi. Hawa wa viza wana tovuti tu. Na serikali zetu zimewapa mwanya bila kukusudia, kwa kuhamahama. Kenya ilikuwa na anwani moja wakati wa viza, ikaja nyingine wakati wa kibali. Tanzania nayo ilihama kutoka anwani ndefu ya huduma za Uhamiaji kwenda fupi ya sasa. Aliyesafiri 2019 akiandika anwani aliyoinakili kwenye daftari anaweza asifike popote, basi anakimbilia kutafuta kwenye Google. Na juu kabisa ya majibu, kabla ya Uhamiaji wenyewe, linakaa tangazo la kulipia.

Shemeji yangu alipita hapo hapo. Ana pasipoti ya Marekani, alikuwa anawahi arusi Nyamongo, siku 19 zimebaki. Alitafuta kwa simu akiwa kwenye basi, akabonyeza jibu la kwanza. Lilikuwa na neno dogo `Sponsored` pembeni, ambalo hakuliona. Ukurasa ulikuwa na bendera ya Tanzania, nembo inayofanana na ya taifa, na picha ya nyumbu wakivuka mto. Alijaza jina, namba ya pasipoti, akapakia picha ya ukurasa wa mbele wa pasipoti, akalipa dola 189. Akapata barua pepe ya shukrani. Namba ya maombi haikuwemo.

Aliponipigia, swali langu la kwanza lilikuwa: "Shemeji, anwani inaishia na nini?" Akanisomea mwanzo: kuna neno visa, kuna Tanzania, kuna kufuli. Hivyo vyote havithibitishi kitu. Kufuli linaeleza tu kwamba mawasiliano kati ya simu yako na tovuti ile yamefungwa wengine wasisikilize. Haliongelei uaminifu wa aliye upande wa pili, na cheti chake hupatikana bure kwa dakika chache. Mwizi naye ana kufuli.

Anwani ya tovuti husomwa kinyumenyume. Anza baada ya `https://`, nenda hadi mkwaju wa kwanza, halafu rudi kutoka hapo ukielekea kushoto. Tazama hizi tatu. Mbili za mwisho nimezitunga kwa mfano:

```
https://visa.immigration.go.tz/
https://visa.immigration.go.tz.maombi.example/
https://immigration-go-tz.example/
```

Ya kwanza inaishia `.go.tz`. Sehemu hiyo haiuzwi dukani; hupewa taasisi za serikali ya Tanzania peke yake, kama vile `.go.ke` ilivyo kwa serikali ya Kenya. Ya pili ina maneno yale yale yote, ila yamesukumwa kushoto, na mwenye nyumba ni `maombi.example`. Mtu akishanunua jina lake, anaweza kubandika mbele yake neno lolote analotaka, hata Ikulu. Ya tatu imeweka vistari mahali pa nukta. Kwenye simu hila ya pili ndiyo mbaya zaidi, maana kivinjari huonyesha kipande tu cha anwani ndefu. Gusa ile anwani, iburute hadi mwisho wake, ndipo usome.

Kwa Kenya, ya kweli ni `www.etakenya.go.ke`. Mimi huziandika mbili hizi kwa mkono, herufi kwa herufi, sizitafuti. Hata linki aliyonitumia mjomba kwenye kundi la ukoo siibonyezi. Mjomba naye ametumiwa.

Turudi kwa shemeji. Alishuka hadi chini kabisa ya ule ukurasa, kwenye maandishi ya kijivu, akakuta wamekiri wenyewe kwamba wao ni kampuni binafsi isiyohusiana na serikali. Hii ndiyo tofauti inayowachanganya wengi. Kuna mwizi mtupu, anayechukua kadi na picha ya pasipoti na kupotea. Na kuna wakala wa bei ya kuruka, ambaye pengine atakujazia fomu kweli kwenye tovuti ya Uhamiaji na kuweka tofauti mfukoni. Huyu wa pili naye si salama, kwa sababu hujaza kwa barua pepe yake yeye. Majibu yanakwenda kwake. Uhamiaji wakihitaji picha iliyo wazi zaidi, wewe huna habari. Akikosea herufi ya jina lako au aina ya viza, utajulia mpakani.

Kuna kipimo kimoja kinachowatenganisha: mdai namba ya maombi. Tovuti halisi ya Tanzania humpa kila mwombaji namba hiyo, na ina sehemu ya kuangalia ombi limefika wapi. Aliyewasilisha kweli anayo na anaweza kukutumia sasa hivi. Shemeji aliidai mara tatu. Mara zote alijibiwa kwamba ombi "linashughulikiwa".

Hatukusubiri jibu la nne. Alipiga simu benki, kadi ikafungwa na mpya ikaagizwa, akafungua madai ya kurudishiwa fedha kwa maelezo kwamba huduma haikutolewa. Alihifadhi picha za skrini za ukurasa, risiti na zile barua pepe tatu, kwa sababu benki huomba ushahidi, si hasira. Picha ya pasipoti ilikuwa imeshatoka. Hilo halirudi, kwa hiyo tangu hapo anakagua kama kuna mkopo umefunguliwa kwa jina lake.

Kisha akaanza upya mahali panapostahili. Fomu ya Uhamiaji si ngumu ila ina maswali mengi: picha ndogo, ukurasa wa pasipoti iliyobakiza angalau miezi sita, tiketi ya kurudi, mwenyeji wako ni nani na anakaa wapi. Aliandika jina la kaka yake na kijiji, wilaya ya Tarime. Mumewe, ambaye ni Mmarekani wa kuzaliwa na alitaka kuona Serengeti kupitia Mugumu na lango la Fort Ikoma, alijaza fomu yake mwenyewe na hoteli yake mwenyewe. Kila pasipoti ina ombi lake. Jina uliandike kama lilivyo kwenye pasipoti, si kama wanavyokuita nyumbani. Ada ya ombi hairudishwi hata ukikataliwa, basi soma fomu mara mbili kabla ya kulipa. Na jipe wiki mbili au tatu, kwani majibu yanaweza kuchukua siku 10 hivi. Yake yalikuja siku ya sita.

Alichapisha hati ya kukubaliwa kwenye karatasi, kwa kuwa simu huishiwa chaji Migori. Mpakani taratibu za nchi mbili hufanyika chini ya paa moja: Kenya wanakutoa, dirisha linalofuata Tanzania wanakuingiza. Afisa alichukua karatasi, akalinganisha na kompyuta yake, akagonga muhuri.

Siku ya arusi, akiwa jikoni na wanawake wengine, simu ililia. Ni wale wale. Ombi lake lilikuwa tayari kuwasilishwa, walisema, ila palikuwa na ada ndogo ya haraka ya dola 40.