Barua Pepe ya Msaili Imerudi: Sasa Umwandikie Nani?

Umefanya usaili, ukaahidiwa majibu ndani ya wiki mbili, na wiki mbili zimepita. Unamwandikia msaili kumuulizia, na kabla hujafunga simu inaingia barua kutoka kwa Mail Delivery Subsystem. Wengi wakiiona hukata tamaa palepale, au huanza kumsaka msaili Facebook. Kabla ya yote hayo, isome barua hiyo mpaka chini, kwa sababu imeeleza kwa nini barua yako imerudi.

Tafuta namba tatu zilizotenganishwa kwa nukta. Ikianza na 4, tatizo ni la muda na mtambo utaendelea kujaribu wenyewe, hivyo usitume tena. Ikianza na 5, mtambo umeshakata shauri. Namba 5.2.2 huwa ni sanduku lililojaa. Mwenyewe huenda bado yupo. Namba 5.1.1 maana yake kampuni ipo, ila anwani hiyo haipo kwao. Ukiambiwa kwamba kikoa chenyewe, yaani sehemu inayofuata alama ya @, hakipatikani, na tahajia yako ni sahihi, shaka iwe juu ya kampuni. Kama kuna pesa waliyokudai ya fomu au ya vipimo vya afya, usiitoe.

Tuitazame hiyo 5.1.1, maana ndiyo inayowasumbua wengi. Chukua kijana aliyefanyiwa usaili wa nafasi ya ofisa ugavi katika kampuni ya usafirishaji Dar es Salaam, akihojiwa na meneja wa ugavi. Barua yake ya kuulizia imerudi na 550 5.1.1. Kwanza analinganisha anwani herufi kwa herufi na ile iliyomwalika, kwa kuwa herufi moja iliyoruka huleta jibu lilelile. Akikuta zinafanana, na wiki tatu nyuma waliandikiana kwa anwani hiyo bila shida, basi akaunti imefutwa au imebadilishwa. Uwezekano mkubwa ni kwamba meneja ameondoka.

Sasa anarudi kwenye ile barua ya mwaliko na kuangalia waliopewa nakala. Mara nyingi hapo hukuta mtu wa rasilimali watu, na huyo ndiye wa kumwandikia, kwa sababu fomu za alama na orodha ya waombaji kwa kawaida hubaki kwa idara yake. Asipokuwepo, anapiga namba ya mapokezi iliyo kwenye tovuti ya kampuni na kuomba anwani ya rasilimali watu. Barua yenyewe iwe fupi:

"Habari za kazi. Nilifanya usaili wa nafasi ya Ofisa Ugavi tarehe 4 Juni kwa meneja wa ugavi. Barua niliyomwandikia leo imerudi. Naomba kujua mchakato umefikia wapi, na kama kuna mtu mwingine ninayepaswa kuwasiliana naye. Asante."

Angalia kwamba hakuuliza kama meneja amefukuzwa au ameacha. Hilo halimhusu, na afisa wa utumishi akiulizwa hivyo hujifunga.

Jibu la kiotomatiki lina mambo yake. Likitaja tarehe ya kurudi, subiri ipite, kisha mpe siku mbili tatu za kazi, kwani mtu anayetoka likizo hukuta barua zimejaa. Kama tarehe hiyo ilishapita zamani, aidha amesahau kulizima au hakurudi, na mapokezi watakwambia. Likisema hayupo tena kazini, mwandikie aliyetajwa humo. Na ukiandika mara ya pili usipate jibu hilo, usidhani amerudi: Outlook kwa kawaida humjibu mtu mmoja mara moja tu katika kipindi chote ambacho jibu hilo limewashwa, na Gmail humjibu tena zikishapita siku nne. Kumbuka pia kwamba sanduku la aliyeondoka mara nyingi hukabidhiwa bosi wake, kwa hiyo usiandike humo neno ambalo usingependa bosi alisome.

Kwa ajira za serikali Tanzania, njia ni nyingine kabisa: matokeo ya usaili wa Sekretarieti ya Ajira hutolewa kwenye mfumo wao, na kumfuatilia mjumbe wa jopo hakusaidii kitu.

Meneja akiondoka katikati ya mchakato, nafasi yenyewe inaweza kusimamishwa, au meneja mpya akataka kuwahoji watu upya. Hapo afisa utumishi hukujibu "bado tunaendelea" kwa sababu naye hajui zaidi. Mpe siku tano za kazi, piga simu moja, kisha omba kazi kwingine. Namba binafsi ya meneja aliyeondoka iache: faili lako hanalo tena.